Vijiti vyaipa Usambara kombe

Na Mwandishi Wetu

Nyumba ya Usambara imetwaa kombe la Siku ya Michezo ya shule yetu baada ya kushinda mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, zilizofanyika Jumamosi iliyopita katika uwanja wa shule, Temeke, Dar es Salaam. Usambara ilimaliza na pointi 66, ikifuatiwa na Meru 61, Kilimanjaro 51 na Rungwe 42.

Kabla ya mbio hizo za mwisho Meru ilikuwa mbele kwa pointi 3, na wengi tuliamini kombe lao. Wasichana wao wana kasi kuliko wote shuleni. Lakini kijiti kilidondoka katika makabidhiano ya pili. Kwa mujibu wa kanuni, aliyekidondosha ndiye anayepaswa kukiokota, na alipokiinua wenzake watatu walikwishapita. Usambara, ambao hawakuwa na mshindi hata mmoja wa mita 100, walibadilishana vijiti bila kugeuza shingo.

“Tulifanya mazoezi ya kupokezana tu, kila jioni. Kasi tulijua hatuna,” alisema nahodha wao, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, huku akihema.

Michezo ilianza saa 1:30 asubuhi ili kukwepa jua, ingawa kufikia saa 5 foleni ya barafu za ukwaju ilikuwa ndefu kuliko ya wanariadha. Mita 1500 wavulana ziliwatesa waamuzi: wakimbiaji wa Rungwe na Kilimanjaro walifika kwenye utepe pamoja, ikabidi waamuzi watatu washauriane kabla ya kumpa wa Rungwe ushindi. Waliolalamika walikumbushwa na mwalimu wa michezo kwamba Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kukimbia zaidi ya kilomita 42.

Kurusha tufe na kuruka juu kulikwenda bila mabishano. Kuvuta kamba ndiko kulikoleta vurugu ya kicheko. Walimu waliwashinda Kidato cha Nne, lakini picha zinaonyesha wazi kwamba walikuwa tisa dhidi ya wanane. Ofisi ya walimu haijatoa maelezo.

Akikabidhi kombe, mgeni rasmi, ambaye ni mwenyekiti wa bodi ya shule, aliahidi magodoro mapya ya kuruka juu, kwani ya sasa yamechanika. Gazeti hili litafuatilia ahadi hiyo.

Wanariadha waliochaguliwa kuunda timu ya shule kwa ajili ya UMISSETA wataanza mazoezi Jumatatu saa 10:30 jioni. Majina yao yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na wanne wa Meru waliopoteza kijiti wamo.