Uchambuzi wa Jaribio la Vanishi ya Floridi: Kikao cha Jumamosi, Tabora

Wanafunzi wenzangu, andiko tulilopewa na mkufunzi ni la kubuni, kwa ajili ya mazoezi. Watoto 120 wa shule za msingi waligawanywa sawa: kundi la kwanza lilipakwa vanishi ya floridi ya asilimia 5 na kupewa elimu ya afya ya kinywa, na kundi linganishi lilipewa elimu pekee. Baada ya miezi 12, uozo mpya ulionekana kwa watoto 12 kati ya 48 waliopimwa kundi la vanishi, na 21 kati ya 56 kundi linganishi. Waandishi wanahitimisha kuwa vanishi imepunguza uozo kwa theluthi moja.

Mgawanyo haukuwa wa nasibu. Waliofika Jumatatu walipakwa vanishi na waliofika Jumanne hawakupakwa, hivyo mwalimu aliyewaleta aliweza kuamua nani aingie wapi. Aidha, aliyepaka vanishi ndiye aliyekagua meno mwishoni, na kwenye uozo unaoanza, ambapo doa jeupe huleta ubishi hata kati ya wazoefu wawili, matarajio yake yangeweza kuathiri uamuzi.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni watoto 16 waliopotea: 12 kutoka kundi la vanishi na wanne tu kutoka kundi linganishi. Andiko linasema wengi walifuata wazazi kwenye mashamba ya tumbaku, jambo tunalolifahamu hapa kwetu, lakini halielezi kwa nini kundi moja liliathirika mara tatu. Tukichukulia kwamba wale 12 wote walioza meno na wale wanne hawakuoza, tunapata 24 kati ya 60 dhidi ya 21 kati ya 60, yaani asilimia 40 dhidi ya 35, na hitimisho linageuka. Hiyo ni hali mbaya kupita zote, lakini inaonyesha jinsi matokeo yalivyo dhaifu.

Tofauti iliyoripotiwa ni asilimia 25 dhidi ya 37.5, yaani pointi 12.5. Nimekokotoa masafa ya uhakika ya asilimia 95: yanaanzia ongezeko la pointi 5 hadi punguzo la pointi 30, kwa hiyo takwimu hizi zinapatana na faida kubwa, na pia na madhara madogo. Ili kuitambua tofauti hiyo kwa uwezo wa asilimia 80, kila kundi lilihitaji watoto wapatao 212, na takriban 245 tukizingatia upotevu huu.

Tusiandike, hata hivyo, kwamba vanishi haifanyi kazi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 yalikadiria punguzo la asilimia 43 la nyuso zilizooza za meno ya kudumu. Jaribio hili peke yake haliwezi kuthibitisha wala kukanusha hilo.