Bei mpya ya jumla ya bidhaa zangu za nywele kwa saluni zote Mtwara na Lindi, kuanzia 1 Septemba 2025

Shikamooni mama zangu, mambo dada zangu na nyie kaka zangu wa dredi. Ujumbe ni mrefu ila naomba muusome mpaka mwisho maana ndo tutakaofanyia kazi mpaka 31 Desemba 2025, na mwenye swali anipigie tu, asikae nalo.

Naanza na kilichonifanya niandike. Mwaka jana bei ya jumla ilikuwa kichwani mwangu tu. Anayejua kupatana anapata shampuu kwa 5,800, mwenye aibu analipa 7,000, mzigo ni uleule, siku ileile. Asa dada mmoja wa Newala na mwenzie wa Masasi wakakutana msibani, wakaongea habari za kazi, wakagundua wanatofautiana shilingi 1,200 kwa chupa. Yule aliyelipa zaidi alikuwa ananunua kwangu tangu naanza kupika mafuta jikoni Mikindani, yaani mteja wangu wa kwanza kabisa ndo nilikuwa namuumiza. Alinipigia, hakufoka, aliuliza tu "kwani mimi nimekukosea nini?" Sijasahau. Kwa hiyo kuanzia sasa bei ni moja, imeandikwa, na kila saluni inaiona sawasawa. Kinachoweza kuishusha ni ukubwa wa oda basi, sio undugu wala maneno matamu.

BEI (ya kwanza ni ya jumla kwako wewe, ya pili ni ya rejareja kwa mteja)

Shampuu ya alovera ml 500: 6,300 / 9,000
Kondishena ml 500: 7,000 / 10,000
Krimu ya stimingi kopo kilo 1: 9,800 / 14,000
Mafuta ya nazi ml 250: 4,900 / 7,000
Mafuta ya nazi na mnyonyo ml 100: 4,200 / 6,000
Jeli ya kusukia gramu 250: 3,500 / 5,000
Spreyi ya kulainisha rasta na nachuro ml 250: 5,600 / 8,000
Dumu la shampuu lita 5: 42,000, ni la saluni tu
Dumu la kondishena lita 5: 48,000, ni la saluni tu

Mkipiga hesabu mtaona jumla ni asilimia 30 chini ya rejareja kwa kila aina, hakuna iliyofichwa. Bei hizi ndo za mwisho, sijafikia kiwango cha kusajiliwa VAT kwa hiyo hakuna 18% itakayokuja kuongezwa juu, na risiti ya mashine kila mtu anapata. Aina zote zimesajiliwa TBS (vipodozi vilihamia huko kutoka TFDA mwaka 2019, wengine bado mnaniuliza TFDA), na kila chupa ina namba ya toleo na tarehe ya kuisha, ukiona haina usiipokee.

Sasa madumu, maana hapa wengi mnapoteza hela. Saluni nyingi naziona zinaoshea chupa za ml 500, zile za kuuza. Dumu la lita 5 ni sawa na chupa kumi, chupa kumi kwa jumla ni 63,000, dumu ni 42,000. Pampu nnayowapa inatoa ml 20 kila ukibonyeza, kichwa cha kawaida unabonyeza mara mbili, kwa hiyo dumu moja linaosha vichwa 125, ni kama shilingi 336 kwa kichwa. Kondishena ukipaka kipimo hichohicho inakuja 384. Yaani shampuu na kondishena kwa mteja mmoja ni 720 tu. Mteja aliyekuja kufumua twende kilioni ya wiki sita ana uchafu na mabaki ya jeli kwenye mistari, huyo bonyeza tatu au nne, sawa, ila mwambie msichana wako asimimine kutoka mdomo wa dumu. Nimesimama saluni moja pale Chikongola nikaona povu linatoka kichwani linaenda lote kwenye beseni, dumu lilikuwa limekaa siku tisa tu.

KIMA CHA CHINI CHA ODA

Oda ya kwanza ni 150,000 kwa bei ya jumla, unachanganya aina unazotaka. Baada ya hapo 100,000 kila oda. Chupa, jeli na spreyi zinatoka nusu dazani nusu dazani, madumu na makopo ya stimingi moja moja.

Najua kuna watakaosema 150,000 ni kubwa. Nilijaribu kuuza bila kima, mtu anaagiza chupa tatu zipelekwe Nachingwea, boksi la chupa tatu na boksi la chupa thelathini kwenye basi vinakaribiana nauli, afu kuna selotepu, boksi lenyewe, na kijana wa kupeleka stendi. Faida yote ilikuwa inaishia barabarani, naishia kupandisha bei kwa kila mtu. Ila oda ya kwanza haihitaji mambo mengi, mfano: dumu moja la shampuu, dumu moja la kondishena, mafuta ya nazi 6, jeli 6 na kopo moja la stimingi, jumla 150,200. Madumu na kopo ni za kazi, mafuta na jeli unaweka shelfuni mbele ya kioo na ukimaliza kuziuza unabaki na 21,600 juu. Na oda ya kwanza nakuwekea pampu mbili na vichupa vya kujaribia bila kulipia.

Wasusi wa nyumbani na wanaosukia barazani, nyie pia ni saluni kwangu. Sihitaji fremu wala kiti cha kuzunguka, nitumie picha ya sehemu unayofanyia kazi inatosha. Kama 150,000 inakuelemea changeni wawili au watatu kama mnavyochanga vikoba, oda iwe moja, ankara moja, mpokeaji mmoja, na punguzo linahesabiwa kwa jumla yenu yote. Tandahimba kuna wadada wanne wanafanya hivyo na hawajawahi kugombana, mmoja wao ana daftari la mgao.

PUNGUZO JUU YA BEI YA JUMLA

Oda kuanzia 300,000 unapata 5%. Kuanzia 600,000 unapata 10%, na nauli ya basi nalipa mimi. Punguzo linakatwa kwenye ankara nzima, sio kwa kile kilichozidi.

Nawapa mfano halisi, saluni ya Masasi wiki iliyopita nilipokuwa nazijaribu hizi hesabu na mwenyewe. Aliagiza madumu mawili ya shampuu, dumu moja la kondishena, stimingi 6, mafuta ya nazi 12 na jeli 12, ikaja 291,600. Nikamwambia mama ngoja kwanza, umebakiza 8,400 ufike laki tatu. Akaongeza spreyi 6 za 33,600, ikawa 325,200, toa 5% ambayo ni 16,260, akalipa 308,940. Maana yake spreyi sita zimemgharimu 17,340, na kwa rejareja zina thamani ya 48,000. Kwa hiyo kabla hujatuma hela nitumie oda kwanza niikague, kama umekaribia punguzo nitakwambia, sitakaa kimya nikakuacha ulipe zaidi.

Zaidi ya 10% sina, na naomba msinisukume maana nitakataa kwa kila mtu. Chupa na lebo zinatoka Dar, na nazi nzuri nazinunua kwa watu ambao nao wana watoto.

Jambo lingine ni ahadi yangu kwenu. Pale kwangu Mikindani nitauza kwa bei ya rejareja hiyohiyo mnayoiona juu, sitawashushia wateja wenu. Mteja wako akija kwangu akitaka bei ya jumla nitamrudisha kwako. Wewe saluni ukitaka kuuza juu au chini ya hapo ni biashara yako, bei ya pili nimeiweka ya kupendekeza tu.

MALIPO. Oda tatu za kwanza ni hela kamili kabla mzigo haujatoka. Kuanzia ya nne unaweza kulipa nusu, nusu nyingine ndani ya siku 14, ukichelewa oda inayofuata inarudi kwenye hela kamili. Mnalipa kwa lipa namba iliyo chini ya ankara na jina litakalotokea ni la duka, akipiga mtu akasema namba imebadilika msitume kitu, nipigieni mimi.

MZIGO. Mtwara mjini na Mikindani naleta kwa bajaji Jumatatu na Alhamisi, bure. Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na Kilwa mzigo unapanda basi Alhamisi asubuhi, oda iwe imelipwa kabla ya saa 10 jioni Jumatano, nauli unalipa unapopokea. Wa Mtama wakitaka wanaweza kupokelea Mnazi Mmoja. Liwale mvua zikianza mnipe siku za ziada, barabara mnaijua wenyewe.

Mwezi wa tano dumu moja la kondishena lilifunguka mfuniko kwenye buti ya basi, likalowesha mpaka begi la abiria, mwenye saluni akapokea dumu nusu na lawama kamili. Toka siku hiyo kila mfuniko nauzungushia nailoni na selotepu kabla ya kufunga, na dumu linasimama, halilali. Bado ikitokea, piga video unapofungua boksi, nitumie ndani ya saa 24, nabadilisha kwa gharama yangu. Video ya kesho kutwa wakati chupa zishaanza kuuzwa hapo nitashindwa.

Newala na milimani huko, mafuta ya nazi asubuhi za Juni na Julai mtayakuta yameganda meupe kama samli. Hayajaharibika, nazi inaganda ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Weka chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi yanarudi, usiyaweke jikoni. Hayo sibadilishi maana ni mazima.

Mwisho, msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba hela inaingia vijijini na nyie wenyewe mnajua foleni inavyokuwa, mtu aliyekaa na mabutu mwaka mzima anataka rasta ndefu, na harusi zinafuatana. Mwaka jana Novemba jeli iliniishia na nikawakatisha tamaa watu kumi na moja, nawaomba radhi tena. Mwaka huu nataka kujua mapema: atakayenipa oda yake ya Oktoba kabla ya 20 Septemba na kulipa robo, namtengea mzigo wenye jina lake na hautaguswa na mtu mwingine hata akija na hela mkononi.

Oda niandikieni hivi ili nisikosee: jina la saluni, mji, aina na idadi, jina la mpokeaji na namba yake. Mfano "shampuu dumu 1, jeli 12, stimingi 3, Ruangwa". Nipo hewani saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, Ijumaa mchana mnisubiri kidogo.