Baraka, tumeishia hapa

Baraka, habari za jioni.

Nimekutumia ujumbe huu Ijumaa jioni kwa makusudi, ili usiusome ukiwa ofisini katikati ya watu, na uwe na siku mbili mbele yako kabla ya kurudi kazini. Nilisubiri pia umalize mtihani wa bodi. Naomba usome hadi mwisho kabla hujanipigia.

Nimeamua kuachana na wewe. Nimelitanguliza hili ili usianze kulitafuta ndani ya maneno mengine. Siombi muda wa kufikiri. Sikupimi nione utafanya nini, wala hakuna jambo ambalo ukilirekebisha nitarudi. Uhusiano wetu umefika mwisho, na uamuzi huu ni wangu.

Mara ya kwanza niliuandika kwa Kiingereza, kama tulivyozoea kuandikiana mambo mazito. Nilipousoma nikaukuta umejaa "nahitaji nafasi" na "pengine siku moja", maneno ambayo ungeyashika na kuyasubiria miaka. Nikaufuta. Ulinitongoza kwa Kiswahili, na nikakukubali kwa Kiswahili, basi hata hili nimeona nilihamishie huku na nikuambie lilivyo.

Sababu yenyewe ni kwamba sikupendi tena kwa namna ya mtu anayekwenda kuwa mke wako. Uliponiambia baba mdogo amekubali kuwa mshenga, na kwamba barua ya posa italetwa Korogwe Desemba, nilipaswa kufurahi, nikapata uzito kifuani. Nikadhani ni woga tu wa mtu anayekaribia ndoa. Nimekaa nao tangu baada ya Pasaka, nimeuombea, haukuondoka. Mwisho nilimwendea shangazi. Hakunihubiria. Alikuwa anachambua mchicha, akaniuliza: "Mshenga akiahirisha leo, utalia au utapumua?" Nikamjibu nitapumua, na hata mimi nilishtuka jinsi jibu lilivyotoka haraka. Akaniambia niwahi kukwambia kabla watu hawajapanda magari.

Ningeweza kusingizia umbali, na ungenielewa, kwa sababu wote tunajua Dar na Dodoma ilivyokuwa kwa basi: siku nzima njiani, miguu imevimba, Jumapili unarudi umechoka. Lakini treni ya umeme ilipoanza 2024 safari ikawa ya saa chache, nawe ukawa unakuja kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Kabla ya hapo niliamini tunachokosa ni kuonana. Tulipoanza kuonana, kilichokuwa kimepungua kwangu hakikurudi. Kwa hiyo nisikupe sababu ya uongo ambayo kesho utaitafutia ufumbuzi, ukaomba uhamisho uje Dar kwa ajili yangu. Tafadhali usiombe uhamisho.

Hakuna mwanaume mwingine. Nalisema kwa sababu utaulizwa, na watu wakikosa jibu hutunga. Wala si mshahara wako, si ukoo wenu. Hukunikosea.

Baba alipolazwa Bombo ulikesha kwenye benchi la nje, na asubuhi ukaenda kuchangia damu bila kuombwa na mtu. Hujawahi kunidanganya, hata pale ukweli ulipokugharimu. Nayataja haya kwa kuwa ni ya kweli na unastahili kuyasikia kutoka kwangu. Naomba usiyapime kama dalili kwamba moyo wangu bado unasitasita. Ninakushukuru sana, na ninaondoka. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Sasa kuhusu mshenga. Mwambie baba mdogo barua isiandikwe, na kama imeshaandikwa, isipelekwe. Upande wa kwetu mama anajua, na shangazi atamweleza baba kesho. Mzee wa watu asije akasafiri hadi Korogwe amevaa koti, akarudishwa na bahasha mkononi. Aibu hiyo si yenu kuibeba, kwa hiyo wakiuliza nani amevunja, sema ni Neema.

Mama yako ndiye anayeniumiza zaidi katika haya yote. Ameniita mkwe tangu siku ya kwanza, na kila akivuna ananitumia dumu la alizeti kwenye basi la Singida, na jina langu ameliandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Sitaki asikie kwa watu. Nitampigia Jumanne jioni, nimwamkie, nimshukuru na nimuage. Ukiona ni vyema asikie kwako kwanza, unazo siku tatu. Baada ya simu hiyo sitaendelea kumpigia, maana kumzoesha sauti yangu ni kumpa matumaini ambayo sina.

Kiwanja cha Nala ni chako. Mkataba una jina lako, na sitaki jina langu liongezwe. Nilichangia 1,800,000 na ningeomba unirudishie kidogo kidogo, hadi mwisho wa Juni. Niandikie tu utalipa kwa awamu zipi. Hakuna haja ya kunieleza zaidi ya hapo, na hakuna haja ya kuuza kitu kwa haraka.

Najua utauliza kama tutabaki marafiki. Hapana, Baraka. Nikikutumia salamu za asubuhi utaamka ukizisubiri. Nikikuuliza umekula, utasikia kitu kingine, na utakuwa na haki, kwa sababu mimi ndiye niliyekuzoesha kwamba swali hilo lina maana. Kwa hiyo sitakuandikia, sitafungua stetasi zako, na sikukuu yako ya kuzaliwa Februari itapita bila ujumbe wangu. Usidhani nimekuchukia. Sitaizuia namba yako kwa sababu ya mambo ya kiwanja, lakini ukiniandikia kuhusu sisi sitajibu. Tukikutana kwenye harusi au msiba nitakusalimia vizuri, mbele za watu, kama mtu ninayemheshimu.

Kama unahitaji kulisikia kwa sauti yangu, na si kwa maandishi tu, nipigie Jumapili saa kumi jioni. Nitapokea. Unaweza kulia, unaweza kukasirika, unaweza kuniuliza chochote na nitakujibu kweli. Ila uamuzi hautabadilika kwenye simu hiyo, na sitaki uutumie usiku wa Jumamosi kuandaa hoja. Baada ya hiyo hakutakuwa na nyingine. Ukiona huhitaji, usipige, sitalitafsiri vibaya.

Usikae peke yako leo. Nenda kwa kaka yako Area C, hata kama hutamwambia kitu.

Vitu vyako nimevifunga: vitabu vya uhasibu vyote, jaketi la kijivu, chaja, na ile redio ndogo ya babu yako, ambayo nimeizungushia taulo isipigwe njiani. Navipeleka ofisi ya vifurushi Jumatatu asubuhi na nitakutumia picha ya risiti. Ufunguo wa kwangu ulio nao, mwachie dada yangu atakapopita Dodoma wiki ijayo. Yeye anajua, na nimemwomba asikuulize maswali.

Neema