Kilo Moja na Nusu

*Onyesho la watu wawili na mhudumu mmoja*

Wahusika: MAMA, amepita hamsini. KIJANA, mwanawe, miaka 24, fundi wa kuchomelea vyuma, anakwenda ng'ambo kwa mkataba wa miaka 2. MHUDUMU wa kaunta.

Mahali: Ukumbi wa kuondokea, saa mbili usiku. Ndege inaruka 22:40. Begi kubwa liko juu ya mizani ya abiria, pembeni ya kaunta. Kijana amevaa raba.

KIJANA: Ishirini na nne na nusu.

MAMA: Na tiketi inasema?

KIJANA: Ishirini na tatu. Mama, nyumbani tulipima ikawa ishirini na mbili!

MAMA: Nyumbani ulipima umelibeba begi, ukatoa uzito wako. Mizani ya bafuni hiyo. Fungua.

*(Kijana anapiga magoti, anafungua zipu. Mama anainama, mkono wake unajua kila kitu kilipo kwa sababu ndiye aliyepanga. Anatoa viatu vya kazi vyenye chuma puani.)*

MAMA: Hivi peke yake vinakaribia kilo mbili. Vaa.

KIJANA: Nisafiri na mabuti?

MAMA: Miguuni havipimwi. Kwenye ukaguzi vitalia, utavivua, utaviweka kwenye trei. Legeza kamba mapema usije ukawashikia watu foleni. Na hii nini?

KIJANA: Pawabanki.

MAMA: Ndani ya begi la mzigo?

KIJANA: Nilisahau.

MAMA: Betri ya lithiamu haikai chini ya ndege. Ikiwaka kule hakuna wa kuiona mapema. Ikiwaka juu mlipokaa, wahudumu wanaizima. Imeandikwa ngapi?

KIJANA: *(anasoma mgongoni)* Wati-saa 74.

MAMA: Chini ya 100, inapita. Mkobani.

*(Kijana anabadili viatu. Mama anachukua raba na kuzitia kwenye mfuko wake wa plastiki.)*

KIJANA: Hizo nazo?

MAMA: Mdogo wako atazivaa. Utanunua nyingine. Sasa mkoba. Toa kila kitu.

*(Juu ya kiti: pasipoti, bahasha ya vyeti, mkataba, shati moja, chupa ya mafuta ya kuchua iliyojaa nusu.)*

MAMA: Mafuta haya nani kakwambia uyatie mkobani?

KIJANA: Ya goti. Si yamebaki nusu tu?

MAMA: Wanasoma chupa, hawaangalii yaliyobaki. Chupa ya mililita 250, mwisho ni 100. Utayaacha kwenye pipa lao huku unayatazama. Yafunge kwenye nailoni, weka begini katikati ya nguo. Pandisha tena.

*(Begi linarudi kwenye mizani.)*

KIJANA: Ishirini na mbili nukta sita.

MAMA: Haya. Vyeti?

KIJANA: Halisi mkobani, nakala begini, picha zake kwenye simu yako.

MAMA: Na mkataba?

KIJANA: Mama, tumeusoma mara ngapi?

MAMA: Ukifika wakikupa mwingine?

KIJANA: Siusaini siku hiyo.

MAMA: Unasema nini?

KIJANA: Nimechoka na safari, nausoma usiku. Kisha naupiga picha, nakutumia.

MAMA: Kila ukurasa. Watu hawadanganywi kwenye mkataba wanaousaini nyumbani, wanadanganywa kwenye ule wa pili. Angalia mshahara, saa za kazi na nani analipa tiketi ya kurudi. Na pasipoti?

KIJANA: Wakiitaka kwa usajili, naomba stakabadhi yenye tarehe ya kurudishiwa.

MAMA: Wakisema tunakutunzia?

KIJANA: Nasema ahsante, nitaitunza mwenyewe.

MAMA: Wakikataa?

*(Kijana anakaa kimya. Mwigizaji asikimbilie jibu hapa. Hili ndilo swali ambalo hajalijibu hata nafsini mwake.)*

KIJANA: Ubalozi.

MAMA: Namba yake iko wapi?

KIJANA: Kwenye simu.

MAMA: Na simu wakiichukua? *(Anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.)* Kwenye soli ya buti, chini ya kile kitambaa. Ya ubalozi juu, yangu chini. Yangu unaijua kichwani?

*(Kijana anaitaja namba nzima bila kutazama popote.)*

MAMA: Hiyo ni laini ya zamani.

KIJANA: Eti?

MAMA: Niliiacha tangu mwaka jana! Wewe unabonyeza jina tu. Rudia nyuma yangu.

*(Anamtajia tarakimu tatu tatu. Mara ya pili anakosea, mara ya tatu anapatia.)*

MAMA: Sasa sikiliza. Siku ukipiga simu na mwajiri kasimama karibu, huwezi kusema kitu, uniulize: "Paa la jikoni mmeziba?" Mimi nitajua.

KIJANA: Na nikitaka kuuliza paa kweli?

MAMA: Hulijali paa hata ukiwa nyumbani.

*(Wanacheka. Mama anaacha kucheka kwanza.)*

MHUDUMU: Anayefuata!

*(Kijana anaweka begi kwenye mkanda.)*

MAMA: Samahani, dada. Mzigo wake unafika mwisho wa safari, au anauchukua anapobadilisha ndege?

MHUDUMU: Unafika mwisho, mama. Kibandiko kimeandikwa hapa.

MAMA: *(kwa mwanawe)* Hicho kipande usikitupe. Begi likipotea, bila hicho utaeleza rangi mpaka asubuhi. Ndege ya pili saa ngapi?

KIJANA: Saa moja na robo.

MAMA: Tiketi inasemaje?

KIJANA: 07:15… eeh, saa moja na robo asubuhi, kwa saa za huko.

MAMA: Basi simu yako uibadilishe saa ukitua tu. Ukikaa na saa za hapa utaachwa huku umeketi getini.

*(Wanatembea hadi kwenye kamba. Asiye na kadi ya kupandia haruhusiwi kupita. Kijana anashusha mkoba, anausubiri mkono wa mama. Mama anaukunjua ukosi wa shati lake, anaukunja tena vilevile ulivyokuwa.)*

KIJANA: Mshahara wa kwanza nitakutumia wote.

MAMA: Usitume wote. Mwezi wa kwanza wenyewe unaweza kuchelewa, na wewe utakula nini? Tuma ukishapokea wa pili.

KIJANA: Mama, hujaniuliza kama naogopa.

MAMA: Nikikuuliza utasema huogopi, nami nitalazimika kukuamini. *(Anamshika kichwa kwa mikono miwili.)* Radhi zangu unazo, baba. Zote. Nenda.

*(Wanakumbatiana. Mwigizaji wa Mama asilie; ashike mkanda wa mkoba mpaka Kijana ajue kuujongeza taratibu kutoka vidoleni mwake. Kijana anaingia. Mama anabaki na mfuko wa raba. Watu wanapita. Simu inaita.)*

KIJANA: *(sauti ya simu)* Nimepita uhamiaji. Wamegonga muhuri.

MAMA: Mabuti yalilia?

KIJANA: Yalilia. Mama, nenda basi, magari yatakwisha.

MAMA: Sitoki hapa mpaka iruke. Wakikurudisha watakuta nani?

KIJANA: Hawanirudishi.

MAMA: Na mimi nasema nitasubiri. Haya kata simu, unamaliza chaji.