Ufunguzi wa semina ya taroti kwa wanaoanza, Njiro

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi, ingieni tu, waliokwama kwenye foleni watatukuta. Chai ya tangawizi iko pale nyuma.

Naanza na lile swali mnalo moyoni, maana hadi mama mwenye nyumba kaniuliza, je hii ni ramli? Hapana. Sijui nani kakuloga, sijui kama mumeo ana mtu Sakina, na kadi nazo hazijui, ni makaratasi ya kiwandani haya. Zilianza kama mchezo wa karata kaskazini mwa Italia karne ya 15, watu wanacheza tu kama sisi na lasti kadi yetu, mambo ya utabiri yalikuja kushika baadaye sana, Ufaransa, karne ya 18. Ziko 78, kubwa 22 na ndogo 56 za vikombe, panga, fimbo na sarafu. Hizi za mezani picha zake alichora Pamela Colman Smith, zikatoka London 1909, na hadi zile ndogo kaziwekea watu na matukio, ndo maana nawaanzishia nazo.

Sasa oneni hii, panga mbili. Mwanamke kakaa, kafungwa kitambaa machoni, kapishanisha panga kifuani, nyuma yake maji na mwezi. Dada mmoja niliyemsomea (kaniruhusu niwasimulie) aliikodolea weee, halafu akasema "huyu mbona kajifunga mwenyewe". Picha haionyeshi nani kamfunga! Ni yeye ndo kaona hivyo. Na alikuja kuuliza kiwanja chao cha Usa River kitauzika lini, tukaishia kuongelea kwa nini anakwepa kumpigia kaka yake, wakati bila kaka kusaini hakiuziki. Mimi hapo kazi yangu ilikuwa kuuliza tu "umeona nini tena?", basi.

Kwahiyo leo hakuna "nitaolewa lini". Uliza "nasubiri nini hasa kwenye hii ndoa", hapo tunaongea.

Masharti machache. Hatumsomi mtu ambaye hayupo, hata kama ni mawifi. Ukiumwa nenda hospitali, una kesi tafuta wakili, usiniletee mimi. Ya humu yabaki humu. Na ukiitoa namba 13, Kifo, yule wa mifupa juu ya farasi mweupe, tafadhali usipige kelele majirani wakaja, angalia na lile jua kule nyuma kati ya minara miwili kabla hujaanza kuaga ndugu. Ambaye imani yake inamsuta, ruksa kunywa chai na kuangalia tu, sina kinyongo.

Haya, simu kimya. Changanya, vuta moja, iangalie dakika tano, andika unachokiona tu, rangi, mikono, nani anaangalia wapi. Kitabu cha maana za kadi nimekificha kwenye pochi na sikitoi mpaka saa sita, kwahiyo msinisumbue.