Ombi la kupitiwa upya mshahara na mkataba

Stoo Kuu, Vingunguti,
Dar es Salaam.
6 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Uendeshaji,
Ofisi ya Gerezani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA MSHAHARA NA MKATABA WANGU WA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo mama. Alhamisi iliyopita nilipokufuata pale mizani uliniambia jambo la mshahara haliongelewi wima, niliandike ulisome umetulia. Nimeandika. Imekuwa ndefu kidogo, lakini sehemu kubwa ni hesabu ambazo unazo tayari kwenye mafaili yako. Mimi nimezipanga tu.

Ombi langu ni hili: mshahara wangu wa sasa, shilingi 850,000 kwa mwezi kabla ya makato, upandishwe hadi shilingi 1,200,000 kuanzia tarehe 1 Novemba 2025, na mkataba wangu uandikwe upya ili utaje kazi ninazofanya sasa. Mara ya mwisho mshahara huu kuguswa ilikuwa Julai 2022.

Niliajiriwa Februari 2021 kuwa mtunza stoo. Mkataba wangu unasema nipokee mzigo, niutunze, niutoe kwa karatasi, na nihesabu kila mwisho wa mwezi. Agosti 2024 afisa usambazaji alipoacha kazi, uliniomba nishike magari "mpaka tupate mtu". Sikukataa, na sijutii kukubali. Ila mtu hajapatikana na mwezi huu unatimia wa kumi na nne. Fuso zote mbili na Kanta zinapangiwa safari na mimi. Dereva akikwama Kongowe saa mbili usiku simu inayoita ni yangu, na mteja ambaye hajapata nondo zake anaanza na mimi kabla hajafika kwako. Januari mwaka huu lilipofunguliwa duka la Mbagala Rangi Tatu, stoo yake nayo ikawa chini yangu. Kila Jumamosi baada ya saa nane nakwenda kuhesabu. Tangu Mei naoanisha pia risiti za EFD na mzigo uliotoka, kazi ambayo zamani ilifanywa na uhasibu. Na wale vijana wawili wa stoo walioanza mwaka huu nimewafundisha mimi kusoma delivery noti na kujaza bin kadi.

Sasa nieleze matokeo, na naomba nianze na bati kwa sababu ndilo ninalolijua kwa undani.

Hesabu ya Juni 2024 ilikuta upungufu wa shilingi 11,400,000. Kikao kile unakikumbuka. Kila mmoja aliwatazama makuli, na mimi pia nilitazamwa. Niliporudi stoo nilikaa na delivery noti za miezi sita nikazipitia moja moja, nikaona kitu cha ajabu: bati za geji 28 zilikuwa zinapungua huku za geji 30 zikizidi. Mwizi haachi ziada. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba mteja analipia geji 30, ile nyembamba na ya bei ndogo, halafu anapakiwa geji 28, kwa kuwa zikishapangwa pamoja jicho halitofautishi, hasa jioni na taa zile zetu. Mteja akirudi nyumbani amepata bati nene kuliko alilolipia, hawezi kupiga simu kulalamika.

Septemba 2024 nilinunua maikromita kwa fedha ndogo ya stoo, ulisaini vocha mwenyewe. Kila bando likiingia linapimwa, kisha pembeni linapakwa rangi: nyekundu kwa geji 28, bluu kwa geji 30. Getini askari haangalii tena maandishi peke yake, anaangalia rangi ya karatasi na rangi ya bando. Hesabu ya Juni 2025 ilikuta upungufu wa shilingi 3,150,000. Tofauti ni shilingi 8,250,000. Zile milioni tatu zilizobaki nyingi ni misumari na rangi za ndoo, na bado nazifuatilia.

Kuhusu saruji nitasema kidogo. Masika ya 2024 tulitupa mifuko 214 iliyoganda. Mtunza stoo alikuwa ni mimi, hasara ile siikwepi. Februari 2025, kabla mvua hazijaanza, tuliinua saruji yote juu ya vichaga vya mbao za maboksi ya vigae, tukaisogeza mbali na ukuta wa upande wa mto, na mfuko ulioingia kwanza ukawa unatoka kwanza. Masika ya mwaka huu tulitupa mifuko 37. Kwa bei yetu ya kununulia ya shilingi 14,500, mifuko 177 iliyopona ni shilingi 2,566,500.

Magari ndiyo yaliyonipa shida zaidi, na ndiyo kazi ambayo haimo kabisa kwenye mkataba wangu. Nilipoyapokea, oda ilikuwa ikiingia gari linatoka. Asubuhi Fuso inakwenda Mkuranga na bati thelathini, mchana mteja wa Vikindu anapiga simu, tunamkodia kirikuu apelekewe mifuko kumi kwenye barabara ileile. Nikagawa wiki kwa njia: Jumatatu na Alhamisi ni Kilwa Road, yaani Mbagala, Kongowe, Vikindu hadi Mkuranga, Jumanne na Ijumaa ni Gongo la Mboto, Pugu na Chanika, Jumatano na Jumamosi ni Tegeta hadi Bunju. Mwanzoni wateja walinung'unika, wawili walihamia kwingine, mmoja amesharudi. Lakini kati ya Januari na Juni 2024 tulikuwa tunalipa vya kukodi wastani wa shilingi 2,100,000 kwa mwezi. Miezi hiyohiyo ya 2025 wastani ni shilingi 1,200,000. Mzigo haukupungua: delivery noti zilikuwa 1,486 wakati ule, na 1,602 mwaka huu.

Ukijumlisha bati, saruji na usafiri kwa mwaka mzima unapata kama shilingi milioni 21.6. Sidai kwamba zote ni jasho langu. Madereva walikubali ratiba iliyowapunguzia safari, na karani wa mapokezi ndiye anayewaambia wateja "subiri Alhamisi" na kumeza maneno yao. Kata nusu ya hesabu yangu, bado inabaki milioni 10.8.

Upande wa gharama nimejaribu kuutazama kama wewe unavyoutazama. Nyongeza ya shilingi 350,000 haiishii hapo kwa kampuni. Kuna NSSF asilimia 10 ya mwajiri, tozo ya ufundi stadi asilimia 3.5 na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5, jumla shilingi 49,000 juu yake. Kwa hiyo kwa mwezi ni shilingi 399,000, na kwa mwaka shilingi 4,788,000. (Mimi mwenyewe, NSSF na PAYE vikishachukua chao, katika hizo 350,000 zinanifikia kama 232,000. Naandika hili ili isionekane naomba utajiri.)

Kiwango cha 1,200,000 sikukiokota hewani. Tangazo la ndani la nafasi ya afisa usambazaji lililobandikwa ubaoni mwaka 2022 lilitaja shilingi 1,300,000. Nimeomba pungufu ya hapo kwa makusudi: aliyekuwepo alikuwa na diploma ya ugavi, mimi nina cheti, na mazungumzo ya bei na makandarasi unayafanya wewe. Ila yeye hakuwa na stoo mbili mgongoni.

Kuna mahali nilipoanguka, na ni bora ulisome hapa kwangu. Machi mwaka huu nilipeleka Bunju nondo za milimita 12 badala ya 16. Gari lilirudi, tukaunguza dizeli mara mbili, na mteja akakata shilingi 400,000 kwenye deni lake. Oda ile niliipokea kwa simu nikiwa Mbagala nahesabu, nikaiandika kwenye kiganja. Tangu siku ile hakuna oda inayopakiwa bila karatasi au ujumbe wa maandishi. Hata hivyo naomba uone pia chanzo chake, mtu mmoja kuwa sehemu mbili kwa saa moja.

Muda wangu wa kazi nao umeongezeka. Daftari la getini linaonyesha kuwa wiki nyingi navuka saa 45 zilizowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sijawahi kuandika ovataimu na sileti madai ya nyuma. Ninachoomba ni kazi yangu ya sasa iwe kwenye maandishi, kwani sheria hiyohiyo inataka masharti ya ajira yakibadilika mfanyakazi ajulishwe kwa maandishi. Itakusaidia hata wewe. Leo nikiugua wiki moja hakuna karatasi inayomwambia mwingine ashike nini.

Sina barua ya kazi kutoka kwingine mfukoni, na sitaki mazungumzo haya yaende kwa njia hiyo. Napenda kazi hii. Nikipita Chanika nikaona paa jipya naangalia bati nikijiuliza kama ni letu, mke wangu ananicheka.

Kama bajeti ya mwaka huu haibebi kiasi chote, niko tayari kupokea shilingi 1,000,000 kuanzia Novemba na zilizobaki kuanzia Januari 2026, mradi zote ziandikwe kwenye barua moja yenye tarehe. Na kama uongozi unaona mshahara hauwezi kusogea kabisa, basi naomba magari apewe mtu mwingine kufikia mwisho wa Desemba. Nitamkabidhi ratiba, namba za wateja na kila kitu, nami nirudi kwenye stoo ninayolipwa kuitunza.

Nimebana nyuma ya barua hii nakala ya mkataba wangu wa 2021, muhtasari wa hesabu za Juni 2024 na Juni 2025, orodha ya saruji iliyotupwa kwa masika yote mawili, malipo ya magari ya kukodi mwezi kwa mwezi, na kurasa za daftari la getini kuanzia Julai hadi Septemba. Tangazo la 2022 liko kwenye faili la ajira ofisini kwako.

Naomba nafasi ya nusu saa kabla ya tarehe 24 Oktoba, maana najua bajeti inafungwa wiki inayofuata. Jumatano ni nzuri kwangu. Siku hiyo magari ya Bunju yanatoka saa moja asubuhi na kufikia saa nne nakuwa huru. Naweza kuja Gerezani, au ukipenda pita stoo nikuonyeshe bando zenye rangi.

Wako mtiifu,

Hamisi
Mtunza Stoo, Vingunguti na Mbagala

Nakala: Afisa Rasilimali Watu