Kumbukumbu za Maendeleo ya Wanafunzi: Hisabati, Kidato cha Pili, Kikundi cha Jumamosi, Wete

Kumbukumbu hizi zimeandikwa na mwalimu msimamizi baada ya somo la Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, na zitasomwa na roboti ya masomo kabla ya kumfungulia kila mwanafunzi somo la tarehe 21 Juni. Mwanafunzi anatambulishwa kwa namba tu. Jina lake, skuli yake na habari za nyumbani kwao hazimo, isipokuwa pale ambapo jambo la nyumbani limeingia katika majibu yenyewe.

Neno "ameweza" limeandikwa pale tu ambapo mwanafunzi alijibu sawasawa bila kidokezo katika siku mbili tofauti. Aliyejibu sawasawa siku moja, au kwa kusaidiwa, ameandikwa "ameanza kuweza", na jambo ambalo hakuulizwa limeandikwa "halijapimwa", hata kama inaelekea kuwa analijua. Roboti isipandishe hadhi ya jambo lolote kwa jibu moja, wala isifute maelezo ya wiki iliyopita inapoongeza mapya, kwa sababu hukumu isiyoonesha ushahidi wake haiwezi kusahihishwa na mtu yeyote baadaye. Tarehe 7 Juni hapakuwa na somo kwa ajili ya Sikukuu ya Idd el-Hajj. Pengo hilo lisihesabiwe kuwa utoro.

Mwanafunzi P-07

```
mada: milinganyo yenye mabano
swali_lililobaki: 5(x - 2) = 3x + 8
hatua_ya_mwisho: 5x - 10 = 3x + 8
```

Somo lilikatika hapo kwa kuwa muda ulikwisha, si kwa kuwa alishindwa. Hatua aliyoiandika ni sahihi, na ni yake mwenyewe. Kwa hiyo roboti imrudishie mstari huo kama alivyouacha na kumuuliza angefanya nini baada yake, badala ya kuanza tena swali zima au kumsomesha upya namna ya kufungua mabano.

Mwanzoni mwa somo alikuwa akizidisha namba ya nje kwa herufi ya kwanza pekee, hivyo 5(x - 2) ilikuwa kwake 5x - 2. Kuelezwa kanuni mara ya pili hakukumsaidia. Kilichomsaidia ni kuambiwa aweke 3 mahali pa x katika pande zote mbili: upande mmoja alipata 5, upande wa pili alipata 13, akanyamaza kidogo, kisha akaandika bila kuulizwa kwamba "na ile 2 nayo inazidishwa". Huyu ni mtoto anayesadiki anachokihesabu kuliko anachoambiwa, na njia hiyo ya kuweka namba itumike kwake kila anapokwama. Baada ya hapo alifungua mabano matatu sawasawa bila kidokezo. Kufungua mabano: ameanza kuweza. Kabla ya kumrudishia swali lililobaki apewe 4(x - 3) peke yake ili ionekane kama wiki imepita na jambo hilo bado analo. Akikosea, arudishiwe njia ya kuweka namba, na swali lililobaki lingoje.

Katika hatua inayofuata kosa la kutarajiwa ni kuandika 2x = 8 - 10. Amekariri usemi wa kuhamisha namba ng'ambo na kubadili alama, lakini kubadili alama husahau anapoharakisha, kama alivyofanya mara mbili tarehe 31 Mei. Aulizwe aongeze nini pande zote mbili ili -10 iondoke. Akifika 2x = 18 na x = 9, asiambiwe papo hapo kwamba amepata; aiweke 9 katika mlinganyo wa mwanzo aone mwenyewe kwamba pande zote zinatoa 35. Mabano yenye namba hasi nje, kama -2(x - 4), hayajapimwa.

Mwanafunzi P-11

Mada ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Majibu ya tarehe 14 Juni yasichukuliwe yote kuwa ya mtu mmoja. Katika maswali sita ya mwanzo alijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akapata 2/5 kwa 1/2 + 1/3, na kila jibu lilimchukua muda. Kuanzia swali la saba majibu yakawa sahihi yote, ya haraka, na yameandikwa kwa mtindo mwingine. Nilimpigia, akasema kwa ukweli kwamba kaka yake alichukua simu akamalizia. Mtoto hakufanya udanganyifu, kwani simu ya nyumbani ni ya wote. Maswali ya saba hadi la kumi na mbili yameondolewa katika hesabu, na mada imebaki haijawezwa.

Roboti ianze kwa kuuliza kwa upole nani ameshika simu, na iulize tena kasi ikibadilika ghafla. Kisha isimsomeshe kigawe kidogo cha shirika kabla hajaona kwa nini njia yake haiwezi kuwa kweli. Mfano unaomfaa ni pishi, ambayo ni vibaba vinne, na ambayo anaijua kwa kuwa karafuu mbichi huchumwa na kulipwa kwa pishi. Nusu pishi ni vibaba viwili, robo pishi ni kibaba kimoja, na jumla ni vibaba vitatu, yaani 3/4. Kwa njia yake 1/2 + 1/4 ingekuwa 2/6, ambayo ni theluthi moja: ameongeza karafuu na bado zimepungua hata chini ya ile nusu aliyoanza nayo. Aachwe alitamke hilo mwenyewe. Arudi baadaye kwenye 1/2 + 1/3, ambayo haigawanyiki vizuri kwa vibaba, na hapo ndipo haja ya asili ya 6 itakapojitokeza.

Mwanafunzi P-03

Umeme ulikatika alipokuwa katika swali la pili, akatoweka hewani hadi mwisho. Ukimya huo usiandikwe kuwa hajui. Aendelee kama kumbukumbu ya tarehe 31 Mei inavyosema.

Mwanafunzi P-15

Milinganyo yenye namba mbili zisizojulikana: ameweza, tarehe 31 Mei na tarehe 14 Juni, kwa njia ya kuondosha. Njia ya kubadilisha haijapimwa. Asipewe tena mazoezi ya aina ile ile, kwa sababu ameanza kuyajibu bila kuyasoma.

Tatizo lake halimo katika hesabu. Swali la maneno likiandikwa kwa Kiswahili huliweka katika milinganyo kwa muda mfupi. Swali lile lile likiandikwa kwa Kiingereza huacha nafasi tupu. Mtihani wa Kidato cha Pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar atausoma kwa Kiingereza, na itakuwa dhuluma apoteze alama za hesabu anazozijua. Kwa hiyo apewe swali kwa Kiingereza kwanza, aeleze kwa Kiswahili alichokielewa, na roboti irekebishe uelewa huo kabla hajaandika mlinganyo wowote. Akikosea hapo, kosa liingizwe chini ya "lugha", lisiingizwe chini ya "milinganyo". Aanzie swali la nne la karatasi ya tarehe 14 Juni, la nauli za watu wazima na watoto kutoka Wete hadi Chake Chake, ambalo aliliacha tupu.